Sabuni mia moja za harusi: gharama inayokaa kwenye chungu, si kwenye kipande

Mama mmoja alifika kwenye karakana ya sabuni ya hapa Lubumbashi, upande wa Kampemba, ambayo mimi ninaitunzia vitabu vya hesabu. Alikuwa na harusi ya mtoto wake. Alitaka sabuni mia moja za kuogea, zenye harufu ya limau, na juu yake yagongwe majina ya bwana na bibi harusi, ili kila mgeni atoke ukumbini na kipande chake. Sabuni hiyo ya limau karakana huiuza senti 50 za dola. Mama alikuwa ameshapiga hesabu yake njiani: mia mara senti 50, dola 50. Fundi mkuu akamtajia dola 125.

"Papa, hii ni sabuni ao ni zahabu?"

"Mama, sabuni yenyewe haina neno. Chungu njo kinakula feza."

Mama aliona anapigwa bei ya muzungu. Kilichonishangaza ni kwamba mwenye karakana, aliyekuwa amekaa pale pale kwenye kiti cha plastiki, naye alimwunga mkono mteja. Alinigeukia akaniuliza kwa sauti ya chini: daftari si linasema sabuni ya kuogea inatugharimu senti 35? Fundi anatoa wapi dola 125?

Mama na bosi walikosea kosa moja. Wote wawili waliamini kwamba gharama inakaa ndani ya kipande, kwamba ukijua kipande kimoja kinagharimu kiasi gani basi vipande mia ni kuzidisha tu. Fundi, ambaye hajasoma uhasibu hata siku moja, ndiye aliyekuwa sahihi, na alichokisema kuhusu chungu kina jina katika vitabu: ngazi za gharama, ndani ya njia ya kuhesabu gharama kwa shughuli.

Tuweke maneno sawa kwanza. Shughuli ni kazi yoyote ambayo karakana inailipia: kukata sabuni, kuosha chungu, kutafuta mchanganyiko mpya wa manukato, kulinda geti usiku. Kwa kila shughuli unauliza swali moja: ni kitu gani kikiongezeka ndipo kazi hii irudiwe? Kuna kazi zinazorudiwa kila kipande kinapoongezeka. Hizo ni za ngazi ya kipande. Kuna zinazorudiwa kila unapoanza kupika upya, uwe unapika vipande mia au elfu tatu. Hizo ni za mkupuo, au kama wanavyosema pale karakana, za chungu. Kuna zinazofanyika kwa sababu tu aina fulani ya bidhaa ipo kwenye orodha yako, hata kama mwezi huu hukuipika. Hizo ni za kuitunza aina. Na kuna zinazofanyika kwa sababu karakana ipo na mlango wake uko wazi. Hizo ni za kuitunza karakana.

Kama sabuni iko mbali nawe, fikiria gari la abiria linalotoka hapa kwenda Likasi, kilomita 120 hivi. Kijana anayeita abiria analipwa kwa kila kichwa: hiyo ni ngazi ya kipande. Esansi na peaji ya barabarani hulipwa kwa safari, gari lijae au liende na watu watano; huo ni mkupuo. Ruhusa ya kupakia kwenye kituo cha Likasi unailipa kwa ajili ya njia hiyo, hata siku ambazo gari halikutoka. Hiyo ni aina. Kiwanja unacholaza magari yako yote, na mlinzi wake, hakijui Likasi wala Kasumbalesa. Abiria watano wakikosekana, umeokoa malipo ya yule kijana kwa vichwa vitano tu. Esansi imeshaungua.

Sasa turudi kwenye sabuni, tuzitazame kazi zenyewe kwa karibu.

Karakana inatengeneza aina mbili. Ya kwanza ni sabuni ya kufulia ya gramu 200, ile ya rangi ya udongo. Inapikwa mara sita kwa mwezi, vipande 3,000 kila mara, yaani kilo 600 za sabuni. Kwa mkupuo mmoja wanapasha kilo 360 hivi za mawese na kumiminia maji ya soda. Kila kilo 100 za mawese zinataka kilo 14 na kidogo za soda kali, kwa hiyo kama kilo 51 kwa chungu kizima. Wanakoroga mpaka iwe nzito kama uji wa mtoto, wanamimina kwenye fremu za mbao, wanaiacha ilale, kesho yake wanaikata kwa waya na kuigonga muhuri.

Ya pili ni sabuni ya kuogea ya gramu 100. Hiyo inatoka vipande 2,000 tu kwa mwezi, lakini inapikwa mara nne, kwa sababu duka hili linataka limau, lile waridi, na kila mmoja anataka wiki yake. Vipande 500 vya gramu 100 ni kilo 50. Unaona chungu cha kilo 600 na ndani yake kilo 50, mchanganyiko umekaa chini kabisa kama uji uliobaki asubuhi, na mwiko mrefu unagonga chuma kuliko unavyokoroga.

Kwenye ngazi ya kipande mambo ni mepesi. Mawese, soda, karatasi ya kufungia, manukato kwa ile ya kuogea: senti 20 kwa kipande cha kufulia, senti 25 kwa cha kuogea. Hapa hakuna mtu anayebishana.

Ngazi ya mkupuo ndiyo inayotaka mtu asimame pale asubuhi na kuangalia. Kabla ya kupika, vibarua wawili wanaingia na vijiko vya chuma kukwangua mabaki ya jana. Wanaosha chungu, wanaosha fremu, wanabadilisha muhuri na kurekebisha nafasi ya waya wa kukatia, kwa kuwa kipande cha gramu 100 si upana wa kile cha 200. Fundi anachanganya maji ya soda upya na kuyaacha yapoe, anapika, kisha anapima kama soda imebaki isiyoliwa na mafuta. Vipande vya kwanza kukatwa huwa vimepinda, vinatupwa ndoo ya kuyeyushwa. Kazi zote hizo hazijali kama zinafuatiwa na vipande 500 au 3,000. Nilipozikusanya kwa mwezi zilikuwa dola 600: vibarua wawili wa dola 150 kila mmoja, ambao muda wao karibu wote unaishia hapo, nusu ya mshahara wa fundi, dola 200, na dola 100 za maji, soda iliyomwagwa, mabaki na vifaa vya kupimia. Mikupuo kumi kwa mwezi, dola 60 kila mmoja.

Nusu ya pili ya muda wa fundi haionekani karibu na chungu kabisa. Anakaa na vichupa vya manukato akitafuta waridi isiyofifia baada ya wiki tatu, anapeleka sampuli kwa wenye maduka, anarudi na malalamiko. Ongeza kuchongesha mihuri, kuchora karatasi za nje, kupeleka sampuli ya kila aina kupimwa. Hiyo ni ngazi ya aina, na kwa mwezi inafika dola 400. Sabuni ya kufulia haijabadilika miaka yote, kwa hiyo inachukua dola 50 tu. Ya kuogea inachukua 350.

Kinachobaki ni karakana yenyewe: kodi ya nyumba dola 500, mlinzi 120, umeme na jenereta ya kuwashia taa 180, ushuru wa biashara 100, na mimi mtunza vitabu 100. Jumla dola 1,000.

Daftari la zamani lilikuwa linafanyaje? Lilichukua 600, na 400, na 1,000, likaziita kwa pamoja "gharama nyingine", dola 2,000, likazigawanya kwa vipande vyote 20,000. Senti 10 kwa kila kipande, bila kuuliza ni kipande cha nini. Sabuni ya kufulia ikawa senti 30, ya kuogea senti 35. Bei ya kufulia sokoni ni senti 29, kwa kuwa kuna ushindani mkali na mzigo unaovuka kutoka Zambia. Basi bosi alikuwa akiona kila kipande cha kufulia kinampa hasara ya senti moja, na kila cha kuogea kinamletea faida ya senti 15. Kwa miezi mingi alikuwa akizungumzia kuacha kufulia na kuhamia kwenye manukato. Mtu yeyote mwenye akili angefikiri hivyo akiwa na daftari lile mkononi.

Sasa tushuke ngazi kwa ngazi. Sabuni ya kufulia inaingiza dola 5,220 kwa mwezi. Toa gharama za vipande, 3,600, zinabaki 1,620. Toa mikupuo sita, dola 360, zinabaki 1,260. Toa dola 50 za aina, zinabaki 1,210. Ya kuogea inaingiza dola 1,000. Toa vipande, 500, zinabaki 500. Toa mikupuo minne, 240, zinabaki 260. Toa 350 za aina, na sasa unadaiwa dola 90.

Bidhaa aliyotaka kuiacha ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Ile aliyotaka kuhamia inakula dola 90 kila mwezi hata kabla kodi haijafikiriwa. Jumla ya karakana haikubadilika: 1,210 kutoa 90 ni 1,120, toa 1,000 za karakana, faida ni dola 120, kama ilivyokuwa kwenye daftari la zamani. Fedha ni zilezile, ila sasa unaona zinatoka mlango gani.

Sababu ya tofauti iko kwenye mgawanyo wa chungu. Dola 60 zikienda juu ya vipande 3,000 ni senti mbili kila kimoja. Zikienda juu ya vipande 500 ni senti 12. Daftari la zamani lilimtoza mwenye vipande vingi ili kumbeba mwenye vipande vichache, na kwa sababu ya kufulia ni nyingi mara tisa, mzigo huo ulionekana mdogo kwa kipande, senti moja hapa na senti moja pale, mpaka ukaigeuza faida kuwa hasara.

Hili si jambo la karakana ndogo peke yake. Katikati ya miaka ya 1980 kiwanda cha vipuri cha John Deere huko Waterloo, Iowa, Marekani, kilikuwa kikishindana na wengine kwa bei ili kupata kazi. Kilikuwa kinashindwa kwenye vipuri vya idadi kubwa, vile ambavyo mashine zake zilivifaa hasa, na kinashinda kwenye vile vya idadi ndogo. Mahesabu yao yalisambaza gharama za kutega mashine, yaani kuiandaa kwa kipuri kingine, kwa saa za kazi na za mashine, si kwa mara ambazo mashine ilitegwa. Robin Cooper na Robert Kaplan wa Harvard waliandika juu ya visa vya namna hiyo, na mwaka 1990 Cooper akazipanga shughuli katika ngazi hizi nne. Fundi wetu wa Kampemba angewaambia jambo hilohilo kwa sentensi moja, lakini hakuna aliyemuuliza.

Kuna uzushi kadhaa unaofuata mahesabu haya, na naanza na ule unaoumiza zaidi: kwamba gharama halisi ya bidhaa haijakamilika mpaka uigawie na sehemu yake ya kodi ya nyumba. Watu wanaing'ang'ania sana hoja hii. Wanasema, je, kodi ailipe nani? Ni kweli lazima ilipwe, na bei zote zikijumlishwa lazima zitoshe kuilipa. Lakini niambie, kipande kipi cha sabuni kilisababisha kodi ya dola 500? Mwenye nyumba hahesabu sabuni. Ukiigawa kwa vipande, au kwa kilo, au kwa mauzo, unapata namba tatu tofauti, na hakuna hata moja unayoweza kuitetea mbele ya fundi. Ndiyo maana katika hesabu ya juu nimeiacha chini kabisa, dola 1,000 nzima, haijakatwa. Kila aina inaonyesha imebakiza kiasi gani kuichangia karakana, basi.

Hatari ya kuigawa utaiona ukifuata ushauri wa daftari la zamani. Acha sabuni ya kufulia. Dola 1,210 ilizokuwa inabakiza zinaondoka, lakini mlinzi bado analinda, kodi bado inadaiwa. Inabaki sabuni ya kuogea na hasara yake ya 90, juu yake 1,000 za karakana: hasara ya dola 1,090 kwa mwezi. Na daftari halitakwambia umekosea. Litagawanya tena dola 1,000 kwa vipande 2,000 vilivyobaki, senti 50 kila kimoja kwa kodi na mlinzi pekee, halafu litakwambia sasa na ya kuogea ni ghali mno, iache nayo. Nimeona biashara ya mtu ikifungwa namna hii, bidhaa moja baada ya nyingine, na kila uamuzi ulikuwa na hesabu yake.

Uzushi wa pili unatoka kwa wale waliokwisha kuielewa njia hii kidogo. Wanasema: vizuri, mkupuo ni dola 60, basi tuunganishe mikupuo minne ya kuogea iwe mmoja wa vipande 2,000, tuokoe dola 180, ile hasara ya 90 igeuke faida ya 90. Kwenye karatasi ni sahihi. Lakini fungua dola 60 hizo uone zimetengenezwa na nini. Dola 10 ni maji, soda na mabaki; hizo kweli hazitatoka mfukoni. Dola 50 ni saa za fundi na za vibarua, nao wanalipwa kwa mwezi. Ukiondoa mikupuo mitatu, unachokiona mfukoni mwishoni mwa mwezi ni dola 30. Zile 150 nyingine umezipata kama muda, na muda ukikaa bure kivulini unabaki kuwa mshahara uleule.

Mahesabu haya yanaonyesha kazi inatumia nini. Hayaonyeshi moja kwa moja fedha itakayobaki. Saa zile zikitumika kupika mkupuo mmoja zaidi wa kufulia, vipande 3,000 vinavyobakiza senti tisa kila kimoja, ni dola 270, toa 10 za maji na soda, 260 mkononi, kama soko litavipokea. Hapo ndipo kuunganisha mikupuo kunalipa. Bila hivyo umempa fundi mapumziko, jambo zuri pia, ila usiliandike kwenye faida.

Na kuunganisha kuna bei yake. Mkupuo mmoja kwa mwezi maana yake harufu moja kwa mwezi: limau mwezi huu, waridi ujao. Mwenye duka anayetaka waridi leo atakwenda kwingine. Na sabuni yenye manukato ikikaa muda mrefu ghalani harufu inapungua. Bosi alipima mambo hayo, akachagua mikupuo miwili kwa mwezi. Sikumpinga.

Sasa nikiri udhaifu wa hesabu yangu mwenyewe. Nimesema kila mkupuo ni dola 60, kana kwamba vyungu vyote vinafanana. Nilitundika daftari la shule kwenye msumari karibu na chungu, na kalamu imefungwa kwa uzi, vibarua waandike saa waliyoanza kuosha na waliyomaliza. Baada ya mwezi jambo likawa wazi. Kupika kufulia juu ya kufulia hakutaki usafi mkubwa. Wanakwangua, wanasuuza, wanaendelea. Kupika ya kuogea baada ya kufulia kunataka chungu kisibaki na chembe ya rangi ya udongo wala harufu ya mawese, vinginevyo waridi inatoka na madoa. Hiyo inakula karibu siku nzima. Ukigawa dola zile 600 kwa saa badala ya kwa idadi ya mikupuo, chungu cha kufulia kinakuwa kama dola 40, cha kuogea kama 90. Jumla ni ileile, sita mara 40 na nne mara 90. Lakini hasara ya sabuni ya kuogea sasa si 90 tena, ni dola 210.

Kwa hiyo kuhesabu mikupuo kunatosha pale ambapo mikupuo inafanana. Isipofanana, hesabu saa. Dalili ya kwamba unahitaji saa ni rahisi: muulize anayeosha kama kuna siku anaichukia kuliko nyingine. Akikujibu haraka, usigawanye kwa idadi.

Makala nayo yalinisumbua (yale ya kuwashia moto, si haya unayoyasoma). Yaende ngazi gani? Moto unapasha chuma cha chungu kwanza, na chuma ni kilekile kwa kilo 50 au 600. Sehemu hiyo ni ya mkupuo. Halafu unapasha mafuta, na mafuta mengi yanataka makala mengi. Hiyo ni ya kipande. Shughuli moja ina miguu kwenye ngazi mbili. Ningeweza kuyapima kwa mizani wiki nzima. Nikayatia yote kwenye kipande, kwa sababu sehemu kubwa inafuata mafuta na kosa lililobaki ni la dola chache ambazo hazigeuzi uamuzi wowote. Mtu anayetafuta usahihi wa senti kwenye makala huku mshahara wa fundi ameutupa kwenye "gharama nyingine" anapoteza asubuhi yake.

Mtu atauliza kwa nini vitabu rasmi havionyeshi haya. Tangu 2012 Kongo imo ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, na mpango wa hesabu tunaoufuata ni wa umoja huo, SYSCOHADA. Huo unapanga gharama kwa kile ulichonunua: malighafi kwenye akaunti ya 60, kodi ya nyumba kwenye 622, wafanyakazi kwenye 66. Ni sawa kabisa kwa ushuru na kwa benki. Lakini mshahara wa fundi wote umelala kwenye 66, dola 400, na hakuna mstari unaosema nusu yake iliishia kwenye chungu na nusu kwenye vichupa vya waridi. Ngazi hizi unazijenga pembeni, kwenye daftari la pili, kwa kuzichukua namba zilezile na kuwauliza watu wanafanya nini. Jihadhari tu na jambo moja: ukimuuliza mtu muda wake unakwenda wapi, atakugawia siku yake yote bila kubakiza. Hakuna atakayekwambia robo ya siku alikuwa amekaa. Daftari la kwenye msumari linasema kweli zaidi.

Kuhusu yule mama. Dola 125 za fundi zilikuwa hivi: vipande mia kwa senti 25 ni dola 25, chungu, dola 60, na muhuri wa shaba wenye majina mawili ambao hautatumika tena baada ya Jumamosi ile, dola 40. Muhuri huo ni gharama ya aina, ya aina inayoishi siku moja. Hata vipande vingekuwa 50, zile 60 na 40 zisingepungua hata senti. Vingekuwa 500, kila kimoja kingeshuka hadi senti 45. Mama aliposomewa mistari mitatu badala ya namba moja alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo bosi hakuwahi kuliuliza.

"Sasa kama mukiwa mulishapika ya wengine?"

Fundi akacheka. Alhamisi kulikuwa na mkupuo wa limau wa duka moja la mjini, vipande 500, na chungu kilikuwa na nafasi kubwa tu. Kuongeza mia juu yake hakuoshi chungu mara ya pili. Na badala ya muhuri wa shaba, mtoto wa fundi angechapisha utepe wa karatasi wenye majina, wa kuzungushia kila sabuni, dola 15 kwa zote. Gharama iliyoongezeka kwa karakana ikawa dola 40: sabuni 25, tepe 15.

Ubishi uliobaki ulikuwa kati yangu na bosi. Yeye alitaka kumuuzia kwa 45, amfurahishe. Mimi nilisema duka la mjini ndilo lililolipa chungu chote, na wateja wakijua kwamba kupanda mkupuo wa mwenzako ni bure, wiki ijayo wote watasubiri Alhamisi na hakuna atakayekodi chungu. Tukakubaliana 60. Mama akalipa nusu papo hapo, akasema tepe ziwe nyeupe na majina yaandikwe kwa rangi ya zahabu, maana zahabu alishaitaja yeye mwenyewe.